Unga Ulionuka Mafuta ya Taa

Mama alikuja Minnesota na unga. Nguo zake alizibana kwenye begi dogo la mkononi, lakini begi kubwa, lile lililopimwa mara mbili uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, lilijaa unga wa mahindi. Aliufunga kwenye mifuko ya plastiki, akaizungushia khanga ili isipasuke njiani. Mume wangu alipolibeba begi lile kupanda ngazi za jengo letu Richfield, alidhani limejaa vitabu vya marehemu baba.

"Mama, umetuletea nini humu?" alimuuliza akihema.

"Chakula, baba," mama akasema. Ndivyo alivyomwita mkwe wake, baba, kama wanavyofanya wanawake wa kwetu Iringa.

Tulipokuwa wawili tu chumbani, alikaa kitandani bila kuvua koti, akanieleza. Mahindi yale baba aliyapanda mwenyewe mvua zilipoanza. Alipalilia mara moja, na kabla ya palizi ya pili akafa. Mimi nilifika siku moja baada ya mazishi, nikakaa wiki mbili, nikarudi kazini. Mahindi yalibaki shambani, yakakomaa bila mwenyewe, na mama na majirani wakayavuna. Mengine alimwachia mjomba kwa ajili ya mbegu. Mengine aliyakoboa, akayasaga, akayabeba.

"Ndiyo mahindi ya mwisho ya baba yako," alisema. "Niliona si sawa niyale peke yangu."

Nje ndege ilipita chini chini ikielekea kutua, kama zinavyopita pale kwetu mchana kutwa, na mama akanyanyua macho kuifuata mpaka mlio ulipokwisha. Miezi yote aliyokaa nasi hakuzizoea. Kila ndege iliyopaa aliitazama dirishani, na mara kwa mara aliniuliza kama ile inaelekea kwetu.

Jiko letu ni jembamba. Ukifungua mlango wa oveni mtu mwingine hapiti. Kabati za juu zinafika karibu na dari, na mama, ambaye ni mfupi na ana bega bovu, hakuweza kuzifikia bila kupanda kiti. Kwa hiyo vitu vyake vyote vilishuka chini. Unga aliumimina kwenye ndoo nyeupe yenye mfuniko, akauweka kwenye kabati ya chini ya sinki, mahali anapofika akiinama kidogo tu. Ndani ya kabati ile tayari kulikuwa na galoni la sabuni ya maji ya kufulia, dawa ya kupuliza mende, na pakiti ya dawa ya unga, nyeupe, ya kunyunyiza pembeni ya kuta. Jengo letu lina mende. Wanaokuja kupuliza kutoka ofisi ya jengo huwahamishia tu kwa jirani, na jirani akipuliziwa wanarudi kwetu.

Mimi nilikuwa nashinda kazini. Ni muuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee, na zamu zangu huanza asubuhi na mapema. Mume wangu anafanya kazi Plymouth, anatoka kabla yangu. Mama alibaki na binti yetu wa miaka minne, na jiko likawa lake. Nilifurahi kulikuta limekuwa lake. Nilikuwa nafungua mlango wa nyumba nikiwa bado na theluji kwenye viatu, nasikia harufu ya kitunguu na mchicha, nasikia bibi akimwambia mjukuu kwa Kiswahili aje aonje, na mjukuu akimjibu kwa Kiingereza kwamba ni moto sana. Walielewana hivyo hivyo, kila mmoja na lugha yake.

Mwezi wa kumi na moja theluji nzito ya kwanza iliangusha matawi juu ya nyaya za umeme, tukakaa gizani jioni nzima. Tuliwasha mishumaa ya keki ya siku ya kuzaliwa, kwa sababu hatukuwa na mingine. Mama alicheka mpaka akashika mbavu.

"Nchi yote hii," alisema, "na nyumba haina hata kandili."

Kesho yake mume wangu alipita duka la vifaa vya ujenzi akitoka kazini, akarudi na kandili jipya na kopo la bluu la mafuta ya taa. Huku rangi ya kopo ndiyo inayotaja kilichomo. Jekundu ni la petroli, la bluu ni la mafuta ya taa. Mama alilipokea kandili lile kwa mikono miwili. Alifuta kioo kwa gazeti, akakata utambi sawasawa kwa mkasi wangu wa kucha, akajaza, akawasha. Umeme ulikuwa umesharudi. Alizima taa ya mezani ili tuone.

Tangu hapo aliliwasha kila jioni wakati wa sala. Na alipomaliza alilizima, akalifuta, akaliweka chini ya sinki pamoja na kopo lake, ubavuni mwa ndoo ya unga. Ndivyo jiko letu la Iringa lilivyopangwa. Nyumbani kulikuwa na shubaka moja ukutani, na ndani ya shubaka lile kulikaa sukari, chumvi, sabuni ya kipande, dawa ya viroboto na chupa ya mafuta ya taa iliyozibwa kwa gunzi. Baba alikwenda dukani na kikapu kimoja, akarudi na chupa mbili zinazogongana, moja ya mafuta ya kula na nyingine ya taa. Muuza duka alikuwa akipampu mafuta ya taa kwenye pipa, anafuta mkono kwenye shati, anapima sukari. Chai yetu ilikuwa na ladha ile. Nilipokwenda shule ya bweni nikanywa chai isiyo nayo, niliona kama hawajatia majani ya kutosha.

Jumapili moja kabla ya Krismasi mama alisonga ugali wa ule unga wa baba. Alikuwa anautumia kwa uchache, Jumapili tu, na siku nyingine tulikula unga wa dukani. Tulikaa mezani wanne. Mume wangu alikata tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akatafuna, halafu akatafuna polepole zaidi, akaiangalia sahani.

"Mama wa nyumba," aliniambia kwa sauti ya chini, "hebu onja."

Binti yetu alikuwa ameshatema lake mkononi. Alisema kwa Kiingereza kwamba linanuka kama gari.

Mama alikata tonge, akaonja. "Mafuta ya taa kidogo," alisema. "Si kitu. Ni harufu tu."

Nikaonja mimi. Nilitegemea kukunja uso. Badala yake nilijikuta nina miaka saba, nimekaa kwenye kigoda karibu na jiko la mchina la mafuta ya taa, lenye tambi zinazotoa moshi, mvua inapiga bati, baba ananisogezea sahani yake ili niokoteze mboga iliyobaki. Sikuwa nimemwota tangu afe. Picha zake nilikuwa naziangalia kwenye simu bila machozi. Nililimeza tonge lile, na mama akaweka mkono wake juu ya wangu. Alijua. Hata yeye hakuwa amekata tonge la pili.

Kisha nikainuka, nikafungua kabati.

Mfuniko wa ndoo ulikuwa umekaa upande. Kandili lilikuwa limeegemea ndoo, na kifuniko cha tangi lake hakikukazwa. Chini yake palikuwa na duara ya unyevu. Mafuta ya taa hayahitaji kumwagika ndani ya chakula ili yaingie. Mvuke wake unapenya hata plastiki, na unga unanyonya harufu kama sponji inavyonyonya maji. Nilimweleza mama hivyo, nikijitahidi nisiongee kama niko kazini.

"Mwanangu, nyinyi sita mmekulia kwenye shubaka lile," alisema. "Nani aliugua?"

"Hatujui mama. Tuliumwa matumbo tukasema ni minyoo."

Alifikiri. Mama si mbishi. "Basi toa," alisema. "Ila unga usiuguse. Nitauanika, harufu itatoka."

Mchana ule ule nilihamisha kandili na kopo la bluu, nikaviweka kwenye stoo ndogo ya baraza, nje, mbali na chakula. Mama aliupeleka unga chumbani kwake. Akautandaza kwenye masinia mawili juu ya kabati la nguo, karibu na dirisha, na baada ya siku chache akaurudisha kwenye ndoo, akaiweka chini ya kitanda. Sikumuuliza kama harufu ilitoka. Hakuupika tena.

Kitu ambacho sikukifikiria ni magoti yake. Stoo ya baraza ina mlango unaoganda kwa barafu, na kwenda kule jioni ya Januari, na kopo zito, na sakafu inateleza, kulimshinda. Lakini sala bila kandili hakutaka kuiacha. Kwa hiyo siku moja, wakati mume wangu yupo na njia ni kavu, alimwomba amletee kopo ndani mara moja, akamimina mafuta kidogo kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa. Kandili nalo akalirudisha, akaliweka dirishani kwake. Chupa aliiweka chini ya sinki, nyuma ya sabuni, mbali kabisa na unga. Aliona amefuata nilichosema, na kweli alikuwa amekifuata. Na kwa kuwa mafuta ya taa ya huku ni meupe kabisa, yanang'aa kama maji, aliifunga shingo ya chupa kwa uzi mwekundu ili mtu asikosee.

Uzi ule binti yetu aliupenda. Aliufungua akamfungia mwanasesere wake nywele.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Nilikuwa sebuleni namsuka mtoto, mume wangu yuko bafuni. Mama alikuwa jikoni anasuuza vyombo, na wakati wake wa kumeza kidonge cha presha ulikuwa umefika. Maji ya chupa tulikuwa tunanunua kwa katoni, na katoni ilikaa sakafuni pale pale pembeni ya sinki. Siku hizo ilikuwa karibu kwisha, na chupa zilizobaki zilikuwa zimetapakaa, nyingine kwenye kaunta, nyingine ndani ya kabati. Aliweka kidonge ulimini, akainama, akatoa chini ya sinki chupa ya kwanza aliyoigusa, akagugumia.

Nilisikia kikohozi. Mwanzo kilikuwa kama cha mtu aliyepaliwa. Halafu hakikukoma.

Nilipofika alikuwa ameshika ukingo wa sinki, macho yamejaa machozi, kifua cha gauni kimelowa. Harufu ilikuwa imejaa jiko. Akajaribu kuniambia, akashindwa, akanyoosha kidole kwenye chupa.

"Umemeza, mama?"

Alitikisa kichwa kukubali. "Funda moja," alisema kwa shida, na kabla sijamzuia akaingiza vidole viwili kooni.

Nikamshika mkono. "Usitapike. Mama, niangalie. Usitapike."

"Nipe maziwa basi."

"Hapana. Hata maziwa hapana."

Alinitazama kama mtu aliyenyimwa maji na mwanawe. Kwetu, mtoto akinywa mafuta ya taa, humnywesha maziwa na kumtapisha, na nimewaona wanawake wakikimbia na kikombe nyumba hadi nyumba. Lakini tumboni mafuta ya taa hayana madhara makubwa kama kwenye mapafu. Ni mepesi, yanateleza, na yakipanda tena kooni kwa matapishi ni rahisi yaingie njia ya hewa. Kikohozi chake kilikuwa kinaniambia kwamba mengine yalishaingia.

Nilimfuta midomo kwa kitambaa chenye maji, nikamwambia asukutue na kutema. Nikamvua gauni lililolowa na kumwosha kifua kwa maji na sabuni, kwa sababu mafuta yakikaa kwenye ngozi yanaiunguza. Nikamkalisha kitini wima. Mume wangu alitoka bafuni, akaelewa bila kuuliza, akamchukua mtoto kumpeleka chumbani, kisha akarudi na simu. Tulipiga kituo cha ushauri wa sumu. Mwanamke aliyepokea alikuwa na sauti tulivu. Aliuliza ni mafuta gani, kiasi gani, ana miaka mingapi, anakohoa bado, anapumua vipi. Nikamwambia anakohoa mfululizo na pumzi zinakwenda mbio.

"Basi msisubiri," alisema. "Kateni simu hii, itisheni gari la wagonjwa. Mimi nitawapigia hospitali niwaeleze. Msimpe kitu chochote mdomoni."

Ndani ya gari la wagonjwa mama alikaa na barakoa ya oksijeni usoni. Alishika kidole changu kimoja, si mkono, kidole, kama mtoto anavyoshika.

Hospitali walimbana kidole kingine kwa kile kifaa cha kupimia oksijeni, wakampiga picha ya kifua. Ilikuwa safi. Mume wangu alitaka kufurahi, nikamwambia angoje. Picha ya mapema mara nyingi haionyeshi kitu. Waliirudia baada ya saa kadhaa, na safari hii kulikuwa na ukungu chini ya pafu la kulia, na homa ilikuwa imeanza kupanda. Daktari alitueleza kwamba dawa ya kuyaondoa mafuta kwenye pafu haipo. Atasaidiwa kupumua kwa oksijeni, ataangaliwa kwa karibu, na pafu lenyewe litajiponya.

Kabla ya kumhamishia wodini daktari alisema ana swali moja ambalo lazima amuulize mgonjwa mwenyewe, si kupitia mwanawe. Wakaleta skrini yenye mkalimani. Alikuwa kijana mwenye Kiswahili cha Kongo, mwenye adabu sana.

"Mama," alisema, "docteur anapenda kujua. Uliikunywa kwa bahati mbaya, ao ulitaka kujiumiza?"

Mama alimkazia macho kijana wa kwenye skrini. Nadhani hakuwa ameamini masikio yake. Mimi nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda, na nikagundua kwamba hata mimi nilikuwa nangoja jibu. Mume wake alikuwa amekufa mwaka haujaisha. Alikuwa anakaa siku nzima ndani ya nyumba ya madirisha yasiyofunguka kwa sababu ya baridi, na mtoto anayemjibu kwa lugha nyingine, akitazama ndege.

Akashusha barakoa kidogo.

"Mwambie hivi," alisema. "Nilikuwa nameza dawa ya presha. Mtu anayetaka kufa hamezi dawa ya presha. Mimi nataka kuishi mpaka nirudi nyumbani kwangu nikafagie kaburi la mume wangu. Kuna nyasi sasa. Nani anazing'oa?"

Mkalimani akatafsiri. Daktari akaitikia kwa kichwa na kuandika. Nikaenda dirishani.

Miezi ile yote sikuwa nimemuuliza kama anatamani kurudi. Nilimuuliza kama ana baridi, kama ameshiba, kama amelala. Niliogopa jibu, kwa sababu nilitaka abaki. Nilikuwa na mama tena baada ya miaka kumi na miwili, na chai ya tangawizi ikiningoja nikitoka kazini, na mtu wa kuniita kwa jina langu la utotoni. Kwangu nyumbani kulikuwa kumekuja. Kwake kulikuwa kumebaki mbali, na nyasi zinaota.

Alikaa wodini siku tatu. Homa ilishuka, kikohozi kikapungua. Pumzi yake ilinuka mafuta ya taa muda mrefu kuliko nilivyotegemea, na yeye mwenyewe alilalamika kwamba kila anachokula kina ladha ile, hata embe alilonunuliwa na mkwe wake.

Tuliporudi nyumbani, siku aliyopata nguvu ya kusimama, aliniambia, "Njoo tupange jiko."

Tulitoa kila kitu chini ya sinki na kukiweka sakafuni juu ya gazeti. Ndipo nilipoona mengine. Sabuni ya kufulia, ambayo galoni lake lilikuwa zito kwa viganja vyake, alikuwa ameigawa kwenye chupa mbili za kinywaji cha watoto, na sabuni yenyewe ni ya bluu, rangi ile ile ya kinywaji kile. Dawa ya unga ya mende, pakiti yake ilipochanika, alikuwa ameimimina kwenye kopo la hamira. Nililifungua kopo. Ilikuwa nyeupe, laini, na juu yake bado kumeandikwa hamira. Karibu nalo ilikuwa chumvi.

Mama aliangalia vitu vile vimejipanga sakafuni. Alivipanga mwenyewe, kila kimoja kwa sababu yake nzuri, na sasa aliviona vyote kwa pamoja.

"Mtoto angeweza," alisema, hakumaliza.

"Hakuna kilichompata."

"Ni kweli. Kilinipata mimi. Mungu alichagua vizuri."

Tulifanya kazi mpaka mchana. Kilichokuwa kwenye chombo kisicho chake tulikitoa kabisa, na tulichohitaji tukanunua kipya. Tuliamua kwamba kitabaki kwenye chupa yake ya dukani yenye maandishi yake, mpaka kiishe. Sabuni na dawa ya mende tulivihamishia kwenye kabati la kona ya ukumbini, mume wangu akafunga kitasa juu, usawa wa kichwa changu. Nilinunua galoni dogo la sabuni ambalo mama analibeba bila kuumia. Kandili alisema lipewe mtu. Mume wangu alilipeleka pamoja na kopo la mafuta kwa mwenzake wa kazini mwenye kibanda cha kuvulia samaki juu ya barafu. Chakula cha mama tulikihamishia kwenye rafu mpya ya mbao, ukutani, upande wa pili wa jiko. Mume wangu alimsimamisha mama ukutani na kumpima urefu wa mkono kabla ya kupigilia misumari.

Ikabaki ndoo iliyo chini ya kitanda.

Aliileta mwenyewe, akaiweka mezani, akafungua mfuniko. Hatukuhitaji kuinama. Kuanika hakukuwa kumesaidia kitu.

"Ukipikwa inatoka?" aliuliza. Alijua jibu. Alitaka nilitamke.

"Haitoki, mama. Na hatuwezi kumpa mtoto."

"Tuwape ndege wa nje je?"

"Hata ndege."

Alichota unga kwa kiganja, akauacha umwagike katikati ya vidole. Ulikuwa unga mzuri, mweupe, umesagwa laini. Nilitamani aseme kwamba tuuweke tu, usiliwe, ukae. Ningekubali. Ningetafuta chombo cha kioo na kuufunga. Nafikiri angeniomba kitu chochote siku ile ningekubali.

"Alikuwa hapendi unga ukae," mama alisema. "Baba yako. Alikuwa anasema chakula kikikaa kinageuka mzigo." Akafunga mfuniko. "Nilidhani nikiupika kidogo kidogo utadumu. Kumbe ningeupika wote wiki ya kwanza, tukashiba, tukamaliza."

Hakutaka utupwe na takataka za jikoni. Ardhi ilikuwa imeganda, hatukuweza kuchimba. Mwishowe tuliufunga kwenye mfuko safi, tukaufunga kwa khanga ile ile uliyokuja nayo, tukashuka nao ngazi pamoja, yeye ameshika upande mmoja na mimi mwingine, ingawa ningeubeba peke yangu. Kwenye jalala la nyuma ya jengo tulisimama. Baridi ilikuwa inakata masikio. Mama alisema sala fupi kwa Kihehe, ambacho mimi nakielewa nusu, nikasikia jina la baba na neno la kushukuru. Khanga aliifungua, akaikunja, akaiweka kwapani. Mfuko nikauinua mimi.

Tukiwa tunapanda ngazi aliniambia, "Nataka kurudi mwezi wa tatu. Mvua zikiisha nipate kuvuna kidogo alichopanda mjomba wako."

"Sawa, mama," nilisema. Sauti yangu ilitoka vizuri kuliko nilivyotegemea.

Tulimsindikiza mwishoni mwa mwezi wa tatu, maziwa ya Minnesota yakiwa bado meupe kwa barafu katikati na meusi pembeni. Begi kubwa lilirudi na nguo za wajukuu wa kule. Binti yetu alimkumbatia kwenye mapaja, akamwambia, kwa Kiswahili, "Bibi, usiende." Lilikuwa neno lake la kwanza la Kiswahili alilolitoa bila kuombwa. Mama alinitazama juu ya kichwa cha mtoto.

Sasa nikitoka kazini nafungua mlango na nyumba hainuki kitu. Jiko limepangika. Kila kilicho na sumu kiko mahali pake na kila kilicho cha kula kiko mahali pake. Kwenye rafu ya mbao, ambayo kwangu iko chini mno na inanilazimu kuinama, naweka unga wa dukani. Ni unga mzuri. Hutoa ugali laini, mume wangu anasifu, mtoto anamaliza. Mimi hukata tonge la kwanza na kulitafuna polepole, nikitafuta, halafu naendelea kula.

Jumapili nampigia mama. Huweka simu kwenye spika, anaiegemeza mahali, anaendelea na kazi zake. Nasikia kuku, nasikia mwiko unagonga sufuria, nasikia akimwita mtoto wa jirani alete kuni. Wakati mwingine hatuongei. Ananiuliza kama bado nipo.

"Nipo, mama," namwambia, "pika tu."